Silabi 15 za Barua

Msomaji wa Butembo asiyeona ananiuliza kwa nini hufuata vizuri filamu zenye sauti ya DJ Afro wa Kenya, ilhali akiketi na ndugu zake mbele ya filamu ya kawaida hupotea. Ni kwa sababu DJ Afro huwafunika waigizaji na kusema yeye. Anachokikosa msomaji wangu nyumbani ni sauti ya pili inayowaacha waigizaji waseme, ikaeleza yanayoonekana pale wanaponyamaza tu. Gregory Frazier aliandika juu ya wazo hilo San Francisco mwaka 1975.

Wengi huiita kazi hii "maelezo ya sauti". Silipendi jina hilo. Maelezo gani ya mdomo hayana sauti? Mimi nasema "simulizi penyezi".

Fikiria chukudu iliyojaa viazi, ikishuka mtelemko kuelekea barabara ya Beni. Malori yanapita, na hayo ndiyo maneno ya waigizaji. Mwenye chukudu anasubiri lori la kwanza lipite, anaingia, na lazima awe ng'ambo kabla la pili halijafika. Akijaza gunia moja zaidi, mkia wa mzigo unagongwa. Breki ni kandambili yake tu, kwa hiyo mzigo hupunguzwa juu mlimani, si katikati ya barabara.

Sasa tupakie. Mume anatoka akifoka, baada ya sekunde 4 mtoto anaita "Mama!" Acha nusu sekunde kila upande, zinabaki 3. Msomaji asiye na haraka hutamka kama silabi 5 kwa sekunde, basi tuna 15. Naandika: "Mama anaiona barua juu ya meza, anaichukua na kuificha ndani ya kitenge chake." Silabi 34! Napunguza: "Barua mezani. Anaificha kitengeni." Hesabu kwa vidole: 15 kamili.

Kinachonifurahisha ni ile "-i-" ya "anaificha". Silabi moja tu imerudi nyuma kuishika barua. Kama mezani pangekuwa na kisu pia, "anakificha" ingetutisha bila kuongeza hata silabi. Na Butembo, ambako watu husema "ku meza" na "mu kitenge", hesabu haibadiliki: mezani tatu, ku meza tatu, kitengeni nne, mu kitenge nne. (Kuna wanaotumia "-i-" kwa kila kitu, hao warudishiwe nomino.)

Kisha mfunge msikilizaji kitambaa machoni, usome filamu ikicheza. Mara ya kwanza nilikosea: karatasi ilichakarika kabla sijataja barua, na aliyekuwa akinisikiliza alidhani mama anafungua kifurushi cha sukari. Nikasogeza "Barua mezani" nyuma kidogo, mara tu mume anapoubamiza mlango. Mlango wenyewe sikuutaja. Ulishajisema.