Katoni Moja, Saluni Nne

Chukua mfano wa saluni nne za mtaa mmoja Mbagala. Kila moja hununua shampuu chupa mbili tatu kwa 9,000, bei ya rejareja. Kariakoo, katoni ya chupa 12 ni 84,000. Ongeza nauli na mbebaji 6,000: kila chupa inafika kwa 7,500.

Mwenye wateja wengi achukue 5 na alipe 37,500. Wengine wachukue 3, 2 na 2. Nauli igawanywe kwa chupa, si kwa vichwa, la sivyo mdogo atambebea mkubwa mzigo wake.

Ugomvi huanzia kwenye rasta. Nyeusi huisha mapema, rangi nyingine hubaki, na aliyeziagiza huanza kusema hakuziagiza. Kwa hiyo kila mmoja aandike rangi na idadi yake daftarini, asaini, na atoe fedha kabla mnunuzi hajapanda daladala. Asiyelipa, oda yake ifutwe, bei ipigwe upya.

Dawa ya kulainisha nywele msiilimbikize kwa sababu ya punguzo. Someni tarehe ya mwisho wa matumizi hapohapo dukani, kabla ya kulipa.