Kufupisha filamu kwa manukuu yake: 'hu-' na '-ka-' zinapotutega

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Wusi kule Taita Taveta, alinijia na karatasi mbili mkononi, uso umemkunja. Nilikuwa nimewapa kazi ya kufupisha filamu ya hali halisi iitwayo The Elephant Queen, iliyotayarishwa na Mark Deeble na Victoria Stone na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2018. Sikuwataka waitazame. Niliwapa manukuu tu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya skrini, wayafupishe kwa hoja kuu na mpangilio wa sehemu zake. "Profesa," akaniambia, "hii filamu ni ya Tsavo, ni kwetu. Mbona umenikata alama?"

Nilimkata alama kwa sentensi moja. Alikuwa ameandika: "Ndovu walipoondoka, kidimbwi kikakauka, viumbe wakaangamia." Sarufi haina doa. Tatizo ni kwamba filamu inasema kinyume.

Kabla ya kufika hapo, tuanze na jinsi manukuu yenyewe yalivyo, maana wengi hudhani ni sawa na ile habari ya ufupisho tunayoijua kwenye mtihani wa KCSE. Habari ya mtihani ina aya. Manukuu hayana. Faili yake ni vipande vyenye nambari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kila kipande hubeba maneno machache yanayoweza kusomwa kwa kutupia jicho. Huu hapa mfano. Maneno na saa nimezitunga mwenyewe, kwani maneno ya filamu ni mali ya wenyewe:

```
41
00:12:04,200 --> 00:12:07,900
Ndovu anapooga, tope

42
00:12:08,000 --> 00:12:11,300
humganda miguuni, na ndani yake

43
00:12:11,400 --> 00:12:14,600
huwa na mayai ya samaki.

44
00:13:02,000 --> 00:13:04,500
Mvua imekatika.
```

Vipande vitatu vya kwanza ni sentensi moja. Basi kazi ya kwanza ni kuunganisha: futa nambari, ziache saa pembeni, kisha soma mpaka nukta. Anayefupisha kipande kwa kipande ataandika kwamba filamu inazungumzia tope.

Sasa tazama saa. Kati ya kipande cha 43 na cha 44 pana kimya cha sekunde 47. Kimya kirefu namna hiyo mara nyingi ndicho mshono wa sehemu mbili, lakini si kila mara. Huenda ni picha za ndovu wakioga tu, bila msimulizi kusema neno. Utajuaje? Soma sentensi inayofuata kimya. Ikibadilisha wakati, mahali au hali, kama hapa ambapo mvua imekatika, umepata mshono. Ikiendelea na jambo lilelile, songa mbele.

Mpangilio wa The Elephant Queen ukiutafuta hivyo hautakusumbua. Kwanza ni neema: kidimbwi kimejaa, ndovu wanaoga, na pembezoni wapo mabata, vyura, kobe wa majini, dundu wanaoviringisha kinyesi na samaki wadogo wa msimu. Halafu ukame. Kisha safari ndefu ikiongozwa na Athena, jike mkuu wa familia, na humo mwanandovu mchanga anakufa. Baadaye hifadhi yenye maji ya kudumu, na mwishowe mvua inanyesha na ndovu wanarudi.

Huo ni mpangilio wa hadithi. Hoja ni jambo jingine, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Manukuu niliyowapa yalikuwa ya Kiingereza, na lugha hiyo hutumia umbo lilelile la wakati uliopo kwa tukio moja na kwa tabia ya jumla. Msimulizi akisema Athena anachimba au ndovu huchimba, kitenzi hakibadiliki kiasi cha kukushtua. Sisi tuna hu-. "Athena anachimba" ni tukio. "Ndovu huchimba" ni dai kuhusu ndovu wote, na linaweza kupingwa au kuthibitishwa. Kwa hiyo niliwaagiza wanafunzi watafsiri kila sentensi, kisha wajiulize: je, msimulizi ananiruhusu kutia hu- hapa? Zinazokubali ziwekwe kwenye orodha ya hoja. Zinazokataa ni hadithi.

Jaribio hili lina mipaka. Kuna hoja zinazokuja kwa "ni", mathalani kusema kwamba familia ya ndovu ni dola ya majike. Na kuna hu- ambayo mwanafunzi huipachika kwa ukarimu wake. Mwanandovu mmoja akifa safarini, haiwi kwamba wachanga hufa kwanza, mpaka msimulizi aseme hivyo. Vilevile akisema "huenda" au "mara nyingi", neno hilo lifike kwenye ufupisho. Ndilo la kwanza kutupwa kwa sababu linaonekana kama mafuta ya ziada, kumbe ni mfupa.

Turudi kwa kijana wa Wusi. Kosa lake lilikuwa katika -ka-. Kiambishi hiki hupanga matukio, moja baada ya jingine, lakini sikio letu husikia pia sababu. "Walipoondoka, kikakauka" humfanya msomaji aamini kwamba kuondoka ndiko kulikokausha. Katika filamu ukame ndio unaokausha kidimbwi, na kukauka ndiko kunakowaondoa ndovu. Alikuwa amechanganya hoja moja ya kweli ya filamu, kwamba viumbe wadogo hutegemea ndovu, na tukio linalofuata, akalifanya la pili kuwa ushahidi wa la kwanza.

Niseme pia kuhusu majina, maana hapa nilicheka. Wanandovu wawili katika filamu hii wanaitwa Mimi na Wewe. Ukipata manukuu yaliyoandikwa na mashine bila herufi kubwa, kisha uyatafsiri, utaishia na "mimi nimechoka, wewe unafuata nyuma", na msimulizi atageuka kuwa mmoja wa kundi! Andika "mwanandovu Mimi" kila mara.

Alipoandika upya, alileta hivi: "Filamu inadai kwamba ndovu huchimba na kupanua vidimbwi, na kwamba viumbe wadogo hutegemea maji, tope na kinyesi chao, kwamba jike mkuu huongoza familia kwa kumbukumbu ya njia za maji, na kwamba ndovu huhuzunika wanapofiwa. Hayo yanasimuliwa kwa kufuata familia moja kutoka neema, ukame, safari, hifadhi hadi kurudi." Nikampa alama zake.

Lakini alikuwa na dukuduku. Jamaa zake walio nyanda za chini, upande wa Mwatate, wamewahi kuamka wakakuta shamba la mahindi limelazwa na ndovu usiku mmoja. Katika rasimu ya kwanza alikuwa ameongeza kuwa filamu "inapuuza wakulima". Nikamuuliza sentensi hiyo ameitoa kipande nambari ngapi. Akanyamaza. Kimya cha filamu kuhusu mashamba ni cha kweli, na ana haki ya kukisema, ila si hoja ya filamu. Tulikubaliana akiandike chini ya ufupisho, baada ya kuruka mstari, kwa jina lake mwenyewe: "Manukuu haya hayana sehemu inayozungumzia mashamba yanayopakana na Tsavo."

Aliandika hivyo, kisha akaongeza idadi ya magunia waliyopoteza jamaa zake. Hapo sikumkata alama.