Kutoa foto moja safi ndani ya video: kilichonikuta na kikapu cha Wagenia

Hii naandika zaidi kwa wale wanaomaliza memuare mwaka huu na wako na video ndani ya telefone, wakifikiri foto itatoka tu siku ya mwisho. Mi pia nilifikiri hivyo.

Memuare yangu ilikuwa juu ya uvuvi wa Wagenia, hapa Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma. Nilihitaji foto moja tu: kile kikapu kikubwa cha umbo la pia kinapotoka majini, kamba ya mti imekazwa, ili msomaji aone namna kimefungwa kwenye miti iliyosimamishwa juu ya mawe. Nilikuwa nimechukua video ya dakika tatu. Nikasimamisha video kwenye telefone, nikapiga kapchuri ya ekrani, nikaibandika. Profesa aliyesoma kazi akaniuliza: “Kamba iko wapi hapa?” Kweli, haikuonekana. Na kurudi kupiga upya haikuwezekana, maji ya mto yalishapanda. Foto ilikuwa itoke ndani ya video ileile ama isitoke kabisa.

Kosa la kwanza: sikutumia video ya asili. Ile niliyokuwa nayo ilipita WhatsApp, na ikitumwa kama video ya kawaida inapunguzwa. Ya asili ilikuwa na nukta 1920 kwa 1080. Iliyopunguzwa ilibaki 848 kwa 480. Kwa karatasi tunahesabu nukta 300 kwa kila inchi. Basi ya asili inatoa foto safi ya upana wa sentimita 16 hivi, karibu upana wote wa maandishi kwenye A4. Ile nyingine inaishia sentimita 7. Kwa hiyo chukua video kwa kamba ya USB, ama itume WhatsApp kama dokima.

Kosa la pili ni kapchuri yenyewe. Inachukua nukta za ekrani, si za video, pamoja na vitufe vilivyo juu yake. Kwenye ordinateri, VLC inafanya vizuri zaidi. Simamisha video kidogo kabla ya wakati unaoutaka, bonyeza `E`: kila ukibonyeza, inasogea picha moja mbele. Ukifika, bonyeza `Shift+S`, foto inahifadhiwa kwa ukubwa wa video. Lakini `E` hairudi nyuma. Ukipitiliza, unaanza tena.

Mi nilipitiliza mara nyingi, nikahamia ffmpeg. Iko bure, unaiandikia amri:

```
ffmpeg -ss 00:01:12 -i wagenia.mp4 -t 1 foto_%03d.png
```

Maana yake: nenda dakika 1 na sekunde 12, toa picha zote za sekunde moja. Video yangu ilikuwa na picha 30 kwa sekunde, nikapata foto 30 zenye namba. Niliandika `png` kwa sababu haipunguzi kitu tena. `jpg` inapunguza mara ya pili.

Kwa nini usichague moja tu moja kwa moja? Juu ndani ya video si kila picha imehifadhiwa nzima. Iko picha kamili moja, halafu nyingi zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Ukivuta mshale kwa kidole, programu nyingi zinarukia picha kamili iliyo karibu, na wakati wako unapotea. Ile amri inaanzia picha kamili iliyo nyuma, inajenga zinazofuata mpaka sekunde uliyoomba.

Nikafungua foto zangu moja moja. Nyingi kikapu kilikuwa kama kimepakwa kwa kidole, lakini mawe nyuma yake yalikuwa safi. Hiyo ni alama ya mwendo: kikapu kilisogea wakati kamera inachukua, na hakuna programu itakayorudisha kweli kile ambacho kamera haikuona. Kama ni foto nzima iliyojaa vidonge vya mraba, hapo tatizo ni video iliyopunguzwa, tafuta ya asili.

Foto namba 17 ilikuwa tofauti. Mvuvi alikuwa amefika mwisho wa kuvuta, kikapu kimetulia kidogo kabla ya kugeuzwa. Kamba ilionekana mpaka fundo. Hesabu yake: foto ya kwanza ni sekunde 72, ya 17 iko hatua 16 mbele, 16 kugawa kwa 30 ni 0,53. Nikaandika chini ya foto: dakika 1, sekunde 12,5.

Basi ukitafuta yako, usitafute pale kitu kinakimbia. Tafuta pale mwendo unageuka, kitu kinatulia kidogo. Ndipo foto safi inakaa.