Robo Milimita Inayolinda Springi ya Lori

Bamba la springi ya lori likikatika, lawama ya kwanza huenda kwa mzigo au kwa shimo la barabarani. Lakini bamba hilo lilikwisha kupita mashimo ya namna hiyo mara nyingi, na mzigo kama huo huo, bila kudhurika. Aghalabu chuma hakikatiki kwa pigo moja. Kinachoka. Ufa mdogo huanza kwenye uso wake, husogea kidogo kila tairi linaporuka, hadi siku sehemu iliyobaki nzima inaposhindwa kubeba. Swali la maana ni kwa nini ufa ulipata pa kuanzia, na sehemu kubwa ya jibu imo katika ngozi ya bamba isiyofika hata nusu milimita.

Tazama jinsi springi inavyofanya kazi. Ekseli inasukuma katikati ya bamba kwenda juu, chasisi inakandamiza ncha zake mbili kwenda chini. Bamba lililoinua ncha zake linalazimika kunyooka. Linaponyooka, uso wa juu, ulio ndani ya pindo, unavutwa, na uso wa chini unabanwa. Ufa hukua unapovutwa ukafunguka, kwa hiyo uso wa juu ndio wenye hatari.

Mzigo si chanzo pekee cha mvuto huo. Chuma kinaweza kubeba mkazo wake chenyewe hata kikiwa kimelala sakafuni bila kuguswa. Wahandisi huuita mkazo uliobaki: sehemu moja ya bamba inavutwa na jirani yake inabanwa, na nguvu hizo zinasawazishana ndani kwa ndani.

Mkazo wa kwanza huingia kiwandani, bamba linapozamishwa katika mafuta. Chuma cha springi hupashwa moto hadi karibu nyuzi 850 au 900 za Selsiasi, kisha hupoozwa ghafla ili kiwe kigumu. Uso hupoa kwanza na kugeuka martensaiti, umbo gumu la chuma linalochukua nafasi kubwa zaidi kuliko lile la awali. Baadaye kidogo kiini nacho hupoa, hugeuka na kutanuka. Wakati huo uso umekwisha kuwa mgumu, haukubali kufuata, basi kiini kinaupanua kwa nguvu na kuuacha ukivutwa. Mvuto huo ukizidi, bamba hupasuka likiwa bado kiwandani. Ndiyo sababu chuma hurudishwa kwenye moto wa wastani, nyuzi mia nne hadi mia tano hivi: ugumu hupungua kidogo na sehemu kubwa ya mkazo huo hulegea.

Hapo ndipo gololi zinapoingia. Bamba hupitishwa chini ya mashine inayorusha gololi ndogo za chuma, nyingi zikiwa na kipenyo kinachokaribia milimita moja, kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Kila gololi inaacha kijishimo na kuitanua ngozi kwa upande. Chuma kilicho chini hakijatanuka, kwa hiyo kinaizuia ngozi na kuibana. Uso ukishapigwa kila mahali, chembe zake zinakaa kama abiria waliobanana kwenye kiti cha daladala, na ufa unaotaka kufunguka haupati nafasi. Viwanda vingine hulipinda bamba kwanza kwa upande ule ule mzigo utakaolipinda, kisha huupiga uso wa juu ukiwa umevutwa. Likiachiliwa, mgandamizo unaobaki huwa mkubwa zaidi.

Anayeendesha mashine hujuaje kwamba imepiga vya kutosha? Kipimo kinachotumika hadi leo kilibuniwa na John Almen wa kampuni ya General Motors. Kipande chembamba cha chuma, chenye urefu wa milimita 76 na upana wa 19, hufungwa kwa skrubu juu ya kitalu na kupigwa gololi upande mmoja. Kikifunguliwa, kinajipinda na kuinuka upande uliopigwa, kwa sababu upande huo unataka kuwa mrefu kuliko mwingine. Kimo cha tao hilo kinaonyesha ukali wa mapigo. Lakini kipande hicho kinaeleza habari za mashine tu. Hakisemi ni mkazo kiasi gani umebaki katika springi yenyewe.

Kwa hilo hutumika eksirei. Chembe za chuma zimepangwa kwa tabaka, na eksirei ikipigwa juu yake hurudi kwa pembe inayotegemea nafasi kati ya tabaka na tabaka. Ngozi iliyobanwa kwa ubavu hutanuka kidogo kwenda juu, hivyo tabaka zilizolala sambamba na uso huachana, na zilizosimama husogeleana. Mpimaji huinamisha kifaa kwa pembe kadhaa, hulinganisha nafasi hizo, na kutokana na tofauti yao hukokotoa mkazo. Eksirei hizo hupenya maikromita chache tu. Ili kuona chini zaidi, uso humomonyolewa kidogo kidogo kwa umeme ndani ya maji ya kemikali, na kila tabaka hupimwa upya. Kusaga kwa jiwe hakufai hapa, kwa kuwa kusaga kwenyewe kunaingiza mkazo mpya. Picha inayotokea ni ya kuvutia: mgandamizo mkubwa kabisa hauko juu kabisa bali chini kidogo ya uso, kisha unapungua, unafika sifuri, na kwenda chini zaidi unageuka kuwa mvuto mdogo wa kusawazisha.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mzigo na matuta vinaufanya uso wa juu uvutwe kati ya megapaskali 150 na 750. Bamba lenye mgandamizo wa 500 kwenye ngozi litakuwa kati ya kubanwa 350 na kuvutwa 250. Barabara ni ile ile, lakini muda mwingi ufa umefungwa. Kwa kweli sehemu ya mgandamizo hulegea katika safari za mwanzo zenye mzigo mkubwa, ila kinachobaki bado kina kazi.

Sasa tulitazame bamba lililolegea na kupelekwa gereji ili lirudishiwe pindo. Likipashwa gesi hadi liwe jekundu, mgandamizo wa gololi unapotea, na ugumu uliotengenezwa kiwandani unaharibika pamoja nao. Likikunjwa baridi, madhara ni ya kujificha zaidi. Ili kuongeza pindo, uso wa juu hubanwa hadi chuma kikubali kufupika. Nguvu ikiondolewa, bamba hurudi nyuma kidogo na kuuacha uso huo huo ukivutwa. Tuseme mvuto uliobaki ni megapaskali 100: sasa uso unafanya kazi kati ya 250 na 850. Bamba linaonekana jipya, limeinua ncha vizuri, na limekuwa dhaifu mahali penye hatari. Kuchomelea ni kubaya kuliko yote, maana huleta joto, mvuto na kovu kwa pamoja.

Kutu nayo haipaswi kupuuzwa. Kishimo cha kutu chenye kina cha nusu milimita kimeshaivuka ngozi iliyobanwa, na ufa unaoanzia chini yake hauna wa kuuzuia.

Bamba likikatika, usilitupe kabla ya kuangalia mkato wake. Sehemu iliyochoka ni laini, mara nyingi ina mistari ya duara inayozunguka nukta moja. Sehemu iliyokatika mwisho ni ya chengachenga. Fuata mistari hadi kwenye nukta hiyo. Ukikuta kishimo cha kutu, alama ya nyundo, au mahali yu-bolti ilipokuwa ikisugua, utajua ni wapi ngozi ilivunjwa, na utajua cha kukagua kwenye mabamba yaliyobaki kabla lori halijapakiwa tena.