Muwasho wa Usiku Hedhi Inapokoma

Muwasho huu hupenda kuanzia kwenye miundi, kisha mikononi, kiunoni na pale mgongoni mkono usipofika. Mchana unavumilika. Usiku, mwili ukishapata joto kitandani, usingizi unakatika. Mwanamke wa miaka 50 hivi, ambaye hedhi yake imeanza kuruka miezi au imekoma kabisa, mara nyingi hudhani ni mzio wa chakula. Anaacha dagaa, anaacha mayai, na muwasho uko palepale.

Kinachopungua ni homoni ya estrojeni. Homoni hiyo ndiyo huisukuma ngozi itengeneze kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa unene na uimara, na pia husaidia ngozi kushika maji na kujitengenezea mafuta yake. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake. Baadaye kasi hupungua. Ndiyo maana ngozi ya mikono huwa nyepesi, huchubuka kwa kitu kidogo, na kidonda huchelewa kupona. Mafuta ya tabaka la juu nayo yakipungua, maji hutoka mwilini kwa urahisi na sabuni hupenya hadi kwenye neva za muwasho. Wengine huhisi kama sisimizi wanawatembea, na wakiwasha taa hawaoni kitu.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Pitisha ukucha taratibu kwenye muundi kabla ya kupaka chochote: ukiacha mstari mweupe na unga unaopukutika, ngozi hiyo ni kavu. Ukijikuna sana hubaki madoa meusi yanayokaa miezi mingi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Dodoma mwenye miaka 52, mwezi wa Julai, upepo mkavu unavuma na asubuhi kuna baridi. Anaoga maji ya moto mara mbili kwa siku, kwa sabuni yenye dawa ya kuua vijidudu, na anajisugua kwa dodoki akiamini ule mpauko ni uchafu. Kila anapooga anaondoa yale mafuta machache yaliyobaki, na kadiri anavyosugua ndivyo anavyozidi kupauka. Hapa tiba inaanzia bafuni kabla ya dukani. Maji yawe vuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Dodoki aliweke kando. Sabuni laini isiyo na manukato aitumie kwapani, sehemu za mikunjo na miguuni. Mikono na miundi inatakata kwa maji tu kama haina uchafu.

Akitoka, ajikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, na apake mafuta ngozi ingali na unyevu, ndani ya dakika 3 hivi. Gliserini ya duka la dawa inafaa sana, ila isipakwe tupu wakati wa hewa kavu, kwa kuwa huvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Achanganye sehemu moja ya gliserini na mbili za maji safi, kiasi cha kutumia mara hiyo tu, kisha juu yake apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ili kuzuia maji yasitoke. Asibanie: mguu mmoja, kuanzia paja hadi wayo, unahitaji karibu kijiko cha chai. Krimu ya yurea ya asilimia 10 hulainisha miundi yenye magamba, lakini huchoma palipochubuka, basi asubiri pakauke kwanza.

Hatari kubwa ninayoiona ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha huwa na steroidi kali iliyofichwa, na steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache, hivyo mtu anaamini amepata dawa. Kumbe steroidi hizo hupunguza kolajeni ileile ambayo umri umeshaanza kuipunguza. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka michirizi, na akiacha ghafla muwasho hurudi kwa nguvu.

Kwa utunzaji huu, nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Zikipita wiki tatu bila mabadiliko, aende hospitali apimwe sukari, wingi wa damu, figo, ini na tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa hayo nayo huwasha bila upele. Macho yakiwa ya manjano au uzito ukishuka, asingoje hata wiki hizo. Na kama wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele, unaotibiwa kwa kaya nzima pamoja.

Muwasho wa sehemu za siri wengi huuficha. Huko nako ngozi hupungua unene. Kuosha ndani kwa sabuni, ndimu au maji ya chumvi huongeza ukavu. Nje paoshwe kwa maji matupu. Daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kiasi chake kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Yakionekana mabaka meupe huko, au ngozi inapasuka, lazima achunguzwe, maana upo ugonjwa wa ngozi wa sehemu hizo ambao usipotibiwa huacha makovu na, kwa wachache, huja kuwa saratani.