Kontena Limelala Mombasa

Aliyewahi kuharibikiwa na basi njiani analijua neno kufaulishwa. Abiria wanashuka, mizigo inashushwa, na wote wanasubiri gari jingine lenye nafasi. Mwenye bahati anaondoka na la kwanza, na mwenye masanduku mengi anabaki barabarani mpaka jioni. Makontena nayo hufaulishwa, ila kwao si ajali. Safari yao ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

Tumchukue mfanyabiashara wa Darajani, Unguja, aliyeagiza kontena la futi 20 la vigae vya sakafu kutoka Nansha, bandari ya Guangzhou. Baada ya wiki tatu hivi baharini, simu yake inamwambia meli imefika Mombasa. Kutoka Mombasa mpaka Unguja ni kiasi cha kilomita 240 kwa njia ya bahari, mwendo wa usiku mmoja. Anawapigia mafundi waje Jumapili. Kontena linateremka bandarini Malindi siku 19 baadaye. Bahari haina lawama hapa, kwa hiyo tuzihesabu siku zenyewe.

Kwanza, kwa nini meli ile haikuja moja kwa moja? Gati kuu la Malindi lina urefu wa takriban mita 240, na kwa miaka mingi bandari ile ilitegemea meli zenye kreni zake zenyewe. Meli kubwa za makontena zinazofika Mombasa hukaribia mita 300, na nyingi hazina kreni. Zinategemea za bandarini. Lakini hata gati lingetosha, hesabu isingekubali. Meli yenye makontena 4,000, ambayo 80 tu ni ya Unguja, ikigeuza njia na kungoja zamu ili iyashushe hayo 80, inachoma mafuta na kuyachelewesha 3,920 ya watu wengine. Kwa hiyo yanashushwa katika bandari kitovu, yanawekwa yadini, na meli ndogo huja kuyachukua. Wenye kazi yao huiita fida. Bandari kitovu inaweza kuwa Mombasa, au Salalah kule Oman, ambayo shehena yake ya makontena kwa sehemu kubwa sana haiingii mjini kabisa, inabadilisha meli tu.

Inachekesha ukikumbuka karne ya 19. Wakati ule Unguja ndiyo iliyokuwa kitovu: majahazi yalikusanya pembe na sandarusi kutoka Bagamoyo, Kilwa na kwingineko mrima, na meli za Wamarekani na Wazungu zikaja kupakia pale. Leo foleni imegeuka.

Turudi kwenye vigae. Ratiba ilisema meli kubwa ingeingia Mombasa Jumatatu, na fida ingeondoka Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Siku tatu zinatosha kushusha na kupakia. Lakini ukungu uliifunga bandari moja huko Uchina, na meli ikachelewa siku nne. Ikaingia Ijumaa asubuhi. Fida ilikuwa imeondoka jana yake.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani meli ikichelewa siku nne, mzigo nao utachelewa siku nne. Sivyo. Fida nyingi huja mara moja kwa wiki, nyingine hata kwa nadra zaidi, kwa hiyo ukiikosa kwa saa chache umepoteza wiki nzima. Ucheleweshaji wa kufaulishwa hauendi kwa siku moja moja, unaruka wiki kwa wiki. Na kuchelewa si jambo la bahati mbaya ya mmoja: mwaka 2024, katika meli za makontena duniani, ni karibu nusu tu zilizofika kwa wakati uliopangwa, hata ukizisamehe siku moja.

Alhamisi iliyofuata fida ilikuja. Kontena la vigae likaachwa, ingawa juu ya meli kulionekana nafasi. Sababu ni uzito. Meli ndogo iliyoandikwa kuwa inabeba makontena 1,000 huenda ikachukua 700 hivi tu, kila moja likiwa na tani 14. Zaidi ya hapo inazama kupita alama yake au inakosa utulivu. Kontena la vigae hupita tani 25 kwa urahisi. Mpangaji wa shehena akibakiwa na uzito mdogo wa kugawa, atapakia mawili ya nguo na kuliacha moja la vigae. Isitoshe, wiki hiyo yalikuwapo ya meli iliyochelewa pamoja na ya ile iliyofuata, yote yakigombea fida moja. Ukiwa mwagizaji wa vigae, saruji au mchele, zingatia hili kuliko mwenzako wa mitumba.

Alhamisi ya pili likapakiwa. Siku 13 zimeshapita. Usiku mmoja wa safari, na Ijumaa fida ikatia nanga nje ya Unguja. Ikasubiri zamu siku nne, kwa kuwa gati ni moja na meli ni kadhaa, ikafunga Jumanne, na Jumatano kontena likagusa ardhi. Katika siku 19, mwendo ulikuwa usiku mmoja.

Je, mwenye mzigo angeweza kujua mapema? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kosa lake lilikuwa kuifuatilia meli badala ya kontena. Meli iliyotoka Nansha haikuwa na habari na Unguja hata kidogo. Angeingiza namba ya kontena, ile yenye herufi nne na tarakimu saba, kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, angeona neno `Discharged` mbele ya Mombasa. Maana yake limeshushwa tu. Mpaka litokee `Loaded` pamoja na jina la meli nyingine, bado limekaa yadini, na tarehe yoyote inayoonyeshwa ya kufika ni matumaini. Tarehe hiyo ikisogea ghafla kwa siku saba kamili, jua limeachwa.

Kuna nafuu moja. Kwa kawaida siku za bure za kontena huanza kuhesabiwa likishashuka bandari ya mwisho, si kitovuni, hivyo kungoja Mombasa hakumgharimu storeji. Ila mwenye makontena matatu katika hati moja ya shehena ajihadhari. Mawili yanaweza kupakiwa na la tatu likaachwa, na kama hati ni moja, utoaji unaweza kukwama mpaka kundi litimie huku siku za bure za yale mawili zikiyoyoma. Akiomba hati tofauti kwa kila kontena kabla mzigo haujaondoka, kila moja litatolewa kwa wakati wake.

Kwa hiyo, kabla hujalipia nafasi ya kontena kwenda bandari ndogo, iwe Unguja, Mtwara au Moroni, usimuulize wakala siku za safari tu. Muulize mzigo utafaulishwa wapi, fida huondoka siku gani ya wiki, na kuna siku ngapi kati ya meli ya kwanza kuingia na fida kuondoka. Akijibu kwamba ni siku moja, ongeza wiki kwenye hesabu yako, na mafundi usiwaite bado.