Windows Subsystem for Linux

Windows Subsystem for Linux (kifupi: WSL) ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji Windows inayowezesha programu za Linux kufanya kazi ndani yake, bila kuigawa diski wala kuwasha kompyuta upya kila unapobadilisha mfumo. Ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016. Toleo la pili, WSL 2, lilifika kwa watumiaji wa Windows 10 mwaka 2020. Hilo hutumia kiini halisi cha Linux kinachoendeshwa ndani ya mashine pepe ndogo.

== Kusakinisha ==
Katika Windows 11, na Windows 10 kuanzia toleo 2004, PowerShell hufunguliwa kwa haki za msimamizi, kisha huandikwa:

```
wsl --install
```

Amri hii hupakua Ubuntu isipochaguliwa Linux nyingine. Baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa tena, Ubuntu huomba jina la mtumiaji na nywila mpya. Nywila haionekani inapoandikwa, hata kwa nukta. Hiyo si hitilafu. Haihusiani na nywila ya Windows, nayo itahitajika wakati wa kusakinisha programu kwa `sudo`.

Likitokea kosa `0x80370102`, mara nyingi uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Huwashwa katika mipangilio ya BIOS, ambako huitwa VT-x kwenye vichakato vya Intel na SVM kwenye vile vya AMD.

== Vifurushi vya kwanza ==
Ubuntu husakinisha programu kwa vifurushi kupitia `apt`. Kwa mfano, anayetaka kuandika programu za lugha ya C huhitaji kifurushi `build-essential`, chenye `gcc` na `make`:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential
gcc --version
```

Mstari wa kwanza hausakinishi kitu. Huleta orodha mpya ya vifurushi vilivyopo. Ukirukwa, `apt` hutafuta katika orodha tupu au ya zamani na huweza kujibu `Unable to locate package`, ingawa jina limeandikwa sawasawa. Mstari wa mwisho ukionyesha namba ya toleo, kazi imekamilika.

== Mahali pa kuweka faili ==
Diski C ya Windows huonekana ndani ya Linux kama `/mnt/c`. Katika WSL 2, kila faili inayosomwa hapo huvuka mpaka kati ya mifumo miwili, hivyo kazi yenye maelfu ya faili ndogo huwa ya polepole sana. Kwa sababu hiyo faili za kazi huwekwa katika folda ya mtumiaji ya Linux, yaani `~`. Bado zinaweza kuonekana upande wa Windows: amri `explorer.exe .` hufungua folda iliyopo katika dirisha la kawaida la Windows.

Amri `wsl --unregister Ubuntu` hufuta Ubuntu pamoja na faili zote zilizo ndani yake, kwa hiyo nakala zinapaswa kuhifadhiwa kwanza.